Mama Akipiga Simu kwa Hasira, "Hiyo Siyo Idara Yetu" Siyo Jibu

BUTEMBO, Kivu Kaskazini – Mama mmoja aliyekimbia vita kutoka wilaya ya Rutshuru, na ambaye sasa analala na watoto wake sita katika chumba kimoja cha familia iliyomkaribisha, alipiga simu mara tatu kwa namba ya bure ya shirika lililomwandika kwa msaada wa pesa. Majirani wake wawili, walioandikwa pamoja naye siku moja na kwenye meza moja, walikuwa wamekwisha kupata ujumbe kwamba dola 80 zimeingia kwenye simu zao. Simu yake yeye ilikuwa kimya.

Mara ya kwanza kijana aliyepokea alimwacha aseme kwa nusu dakika hivi, kisha akamkata: "Mama, sisi hapa tunapokea tu malalamiko. Mambo ya pesa ni ya idara ya malipo." Mama akaomba namba ya idara hiyo. Akajibiwa kwamba idara hiyo haipokei simu za watu.

Mara ya pili ilipokelewa na msichana. Mama alianza kwa sauti ya juu, kwa sababu alikuwa amekwisha kuambiwa maneno yasiyo na mlango wa kutokea. Msichana akamwambia: "Mama, tulieni kwanza. Mukipiga kelele siwezi kuwasaidia." Hapo ndipo mama alipopiga kelele kweli. Akamwambia kwamba pesa zimeliwa, kwamba wote ni wezi, kwamba watoto wake walilala na chai isiyo na sukari. Simu ikakatika. Iwe ni mtandao au ni mkono wa mtu, mama hakuweza kujua, na ndiyo sababu aliamini kwamba ni mkono wa mtu.

Watu wanaopita kwenye kabini za kutolea pesa mjini wanajua simu za namna hiyo. Zinapigwa kila mwisho wa mwezi, kila wakati orodha moja inapolipwa na kuacha majina fulani nyuma. Na kila mara wakubwa wa mashirika hutoa maelezo yale yale: wahamaji wana hasira, wamechoka, wana majeraha ya moyo, basi tuwafundishe vijana wa simu kusema kwa upole. Vijana wanaingizwa katika mafunzo ya siku mbili, wanapewa karatasi yenye maneno "pole", "tunakuelewa" na "tunashukuru kwa uvumilivu wako", kisha wanarudishwa kwenye meza zao wakiwa bila uwezo ule ule waliokuwa bila nao kabla ya mafunzo.

Maelezo hayo yanatupa mzigo mahali pasipo pake. Mama huyu hakuwa na ugonjwa wa hasira. Alikuwa na swali moja: pesa yangu iko wapi? Aliambiwa mara ya kwanza kwamba swali hilo si la mtu anayemsikiliza, na mara ya pili kwamba sauti yake ndiyo tatizo. Mtu yeyote, hata mwenye kula mara tatu kwa siku, angepandisha sauti.

Neno "hiyo siyo idara yetu" lina ubaya wa pekee kwa sababu kwa yule anayelisema ni kweli kabisa. Kijana wa kwanza hakudanganya. Hakutengeneza orodha, hakutuma malipo, hakuzuia kitu. Lakini mama hakuandikwa na idara. Aliandikwa na watu waliovaa jile za rangi moja, zenye alama moja, waliomwambia "sisi tutakusaidia". Kwake yeye shirika ni mtu mmoja. Anapoambiwa kwamba mkono wa kulia haujui ulichofanya mkono wa kushoto, anachosikia ni kwamba hakuna mtu upande ule. Na mtu anayesema mahali pasipo na mtu huinua sauti ili asikike.

Kuna vijana wa simu wanaokwenda mbali zaidi. Wanasema: "Wale wa malipo ndiyo kazi yao kuharibu, hata sisi wanatuchosha." Wanadhani wanajiweka upande wa mama. Kwa dakika moja inafanya kazi kweli, mama anashusha sauti kwa sababu amepata mwenzake wa kulalamika naye. Kisha anakata simu akiwa na kitu kimoja zaidi cha kuogopa: sasa amehakikishiwa na mtu wa ndani kwamba pesa yake iko mikononi mwa watu wabovu. Kesho atapiga tena, na hatakuwa na hasira tu. Atakuwa na ushahidi.

Simu ya tatu ilipokelewa na mwanaume wa umri wa kati. Hakuwa na cheo kuwapita wale wawili, wala hakuwa na karatasi tofauti. Alichofanya kinastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndicho kinachoonyesha kwamba jambo linawezekana, na kwamba wale wanaosema haliwezekani wanajifichia kitu.

Kwanza, kabla ya mama kumaliza sentensi ya pili, alimwambia jina lake na akaongeza: "Simu ikikatika, mimi ndiye nitawapigia kwa namba hii. Ni simu yenu ao ni ya kuomba?" Mama akasema ni yake, lakini moto umebaki kidogo. Swali dogo hilo lilifanya kazi kubwa. Mama aliyekatikiwa jana sasa alijua kwamba kukatika hakutakuwa mwisho, na hakuhitaji tena kutoa maneno yote kwa mbio kabla ya betri kufa.

Kisha akamwacha aseme. Mama alisema karibu dakika tatu. Alirudia habari ya majirani mara mbili, akataja mwenye nyumba, akataja unga, akasema tena kwamba wao ni wezi. Mpokeaji hakukata neno wala hakujitetea kwenye lile la wizi. Lakini hakukaa kimya pia, kwa sababu kwenye simu kimya ni kitu kingine kuliko uso kwa uso. Mtu aliyekaa mbele yako anakuona ukitikisa kichwa. Mtu wa simu asiposikia kitu anafikiri umeweka simu mezani na kwenda zako. Kwa hiyo kila baada ya maneno machache alisema kwa sauti ya chini: "Ndiyo mama, niko, nasikia."

Mama alipopumua, hakusema "ninakuelewa". Neno hilo limetumika mpaka limeisha. Alimrudishia maneno yake mwenyewe: "Mama, kama nimesikia vizuri, muliandikwa na majirani wawili siku moja. Wao walipata juzi, ninyi hapana. Mulipiga simu hapa mara mbili na hamukupewa jibu. Na leo hakuna unga nyumbani. Ni hivyo?" Mama akajibu: "Ni hivyo." Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Wanaofanya kazi hii kwa muda mrefu wanajua kwamba hapo ndipo mlango unapofunguka, si kabla. Kabla ya lile "ni hivyo", swali lolote, hata la namba ya kadi, linasikika kama kuhojiwa na polisi. Wapokea simu wengi wanaanza na kadi: "Nipeni namba ya kadi kwanza." Wanafanya hivyo kwa sababu kompyuta yao inaanza hapo. Mama haanzii hapo.

Sasa akauliza, swali moja baada ya lingine: namba ya kadi ya mgawo, kisha namba ya simu aliyotoa siku ya kuandikwa, kisha jina lililoandikishwa kwenye laini ile. Kwenye swali la mwisho mama alisita. Laini, alisema, iko kwa jina la shemeji yake, mdogo wa mume wake. Yeye hana kadi ya mchaguzi. Wakati wengine walikuwa wanaandikishwa kwa uchaguzi wa Desemba 2023, kwao Rutshuru kulikuwa na vita, na kadi yake ya zamani ilibaki nyumbani siku ya kukimbia.

Hapa msikilizaji anapaswa kujua jinsi pesa hizi zinavyosafiri, maana bila kujua hivyo hataona kosa lilikuwa wapi. Watu wa uandikishaji wanachukua jina na namba ya simu. Idara ya malipo inapeleka orodha kwa kampuni ya simu. Mara nyingi, kabla ya kutuma, jina la kwenye orodha linalinganishwa na jina lililoandikishwa kwenye laini. Yakipishana, malipo yanazuiliwa, na kwa sababu nzuri: ndiyo kinga ya kuzuia mtu kuweka namba yake mahali pa namba ya mjane. Lakini katika nchi ambako kadi ya mchaguzi ndiyo kitambulisho cha watu wengi, na ambako watu wa Masisi na Rutshuru wengi hawakuandikishwa mara ya mwisho, laini iliyo kwa jina la kaka, la mume au la mtoto mkubwa ni jambo la kila siku. Mtu wa uandikishaji alipaswa kuuliza pale pale mezani: laini hii iko kwa jina la nani? Hakuuliza. Jina likaenda hivyo, likazuiliwa, na hakuna aliyemwambia mama.

Mpokea simu hakujua yote hayo kutoka kwenye kiti chake. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na neno moja tu: haijalipwa. Kijana wa kwanza alikuwa ameliona neno hilo hilo. Tofauti ni kwamba huyu wa tatu alisema: "Mama, ninaenda kuuliza chumba cha pili. Sikati simu. Nitarudi baada ya dakika mbili." Akaenda. Mwenzake wa malipo alikuwa bado anatafuta jina, basi baada ya dakika mbili akarudi kwenye simu kumwambia mama: "Niko, bado wanatafuta, nipeni dakika mbili tena." Wengi wanaahidi dakika mbili na kurudi baada ya tisa, na wanashangaa kumkuta mama amewaka upya. Tatizo haliko kwenye kungojea. Wahamaji wanajua kungojea kuliko mtu yeyote. Tatizo ni kungojea bila kujua kama kuna anayekukumbuka.

Aliporudi na jibu, alisema maneno ambayo yangefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya namba ya bure: "Mama, jina lenu liko kwenye orodha, hamukuondolewa. Pesa yenu haijatumwa kwa mtu mwingine. Ilizuiliwa kwa sababu laini inasoma jina la shemeji yenu. Tulipaswa kuwauliza jambo hilo siku ya kuwaandika, na hatukuuliza. Kosa ni letu, siyo lenu. Ninaomba radhi."

Hakusema "watu wa uandikishaji". Alisema "sisi". Na bado hakujipaka kosa lisilo lake, kwa sababu hakusema "mimi nilikosea". Kuna wapokea simu wanaogombana na jambo hili, na hoja yao inastahili kusikilizwa: kwa nini niombe radhi kwa kitu ambacho sikukifanya? Mshahara ni mdogo, matusi ni mengi, na wale waliokosea wanakunywa soda chumba cha pili bila kusikia hata neno moja. Uchungu huo ni wa haki. Lakini anayepokea simu ya shirika amekaa pale kama mdomo wa shirika, na mdomo wa shirika ukikataa kosa la shirika, mama ameachwa akibishana na ukuta. Ugomvi na chumba cha pili upelekwe chumba cha pili, baada ya simu, kwa sauti yoyote inayotakiwa. Mama asipitishwe katikati yake.

Wengine, hasa wakubwa, wana hofu nyingine. Wanasema tukikubali kosa kwenye simu, kesho watu mia wataziba mlango wa ofisi. Yeyote aliyeishi karibu na mahali pa mgawo anajua kwamba watu huziba mlango pale wanapokataliwa jibu. Mama aliyeambiwa sababu yake, kwa maneno anayoweza kumrudia jirani, hana haja ya kupanda pikipiki kuja kupiga kelele kwenye lango. Ni yule aliyeambiwa "subirini" bila sababu anayekuja, na anakuja na wenzake, kwa sababu kila mmoja ameambiwa hivyo hivyo.

Baada ya radhi, mpokea simu hakusema pesa itaingia lini. Hakujua, na kazi ya kufungua malipo haikuwa mkononi mwake. Huu ndio mtego unaowanasa wenye moyo mzuri zaidi. Wanataka mama atulie, basi wanasema "kesho itakuwa imeingia". Mama anatulia, anakopa unga dukani kwa neno hilo, na kesho yake anakuwa na njaa na deni. Simu inayofuata haitaweza kutulizwa na mtu yeyote. Huyu alisema: "Siku ya pesa siwezi kuwaambia. Lakini Ijumaa saa nne asubuhi nitawapigia, hata kama sijapata jibu." Aliahidi kitu kilicho mkononi mwake, yaani kidole chake na simu yake.

Kisha akampa namba ya dosie, tarakimu sita, mtoto mkubwa akaiandika kwenye daftari la shule. Na akaongeza onyo ambalo wengi wanalisahau: "Mimi nikipiga, nitawatajia namba hii kwanza. Mtu akiwapigia akisema ni sisi na hajui namba hii, kateni. Na mtu yeyote akiomba namba yenu ya siri ya pesa, hata mimi, musimpe." Matapeli wa simu wanajua siku za malipo kuliko wahamaji wenyewe. Mtu mwenye hasira anayengojea kupigiwa na ofisi ndiye windo lao rahisi, na shirika lililomwacha akingojea bila alama ya kutambua sauti ya kweli limemtega lenyewe.

Ijumaa saa nne simu ililia. Idara ya malipo ilikuwa bado haijamaliza, na mpokea simu alisema hivyo. Mama alinung'unika, akauliza mpaka lini, akapewa Jumanne. Hakupiga kelele. Jumanne akaelezwa njia mbili: kuhamisha laini iwe kwa jina lake kama angepata hati ya kutambulishwa, au kutia kidole kwenye karatasi, mbele ya shahidi, kwamba laini ya shemeji ndiyo itakayopokea kwa niaba yake. Mpokea simu alimuuliza kwanza kama laini ile iko mkononi mwake na kama anamwamini shemeji. Kadi ya laini ilikuwa ndani ya simu yake mwenyewe, na shemeji alikuwa Beni. Mama akachagua karatasi.

Sasa yaangaliwe maandishi ya zile simu mbili za kwanza, kwa sababu hapo ndipo lawama inapohama kutoka kwa kijana na kwenda juu. Kwenye kitabu cha namba ya bure, simu ya kwanza iliandikwa: lalamiko limepelekwa idara husika, limefungwa. Ya pili: imefungwa. Zote mbili zilihesabiwa, kwenye ripoti ya mwezi, kama malalamiko yaliyoshughulikiwa. Kijana aliyemaliza simu kwa dakika moja alionekana mfanyakazi wa haraka. Yule wa tatu, aliyetumia karibu dakika kumi na tano na kupiga tena mara mbili, alionekana mzito.

Basi si ajabu kwamba vijana wanasema "siyo idara yetu". Wamelipwa kulisema. Ofisi inayopima simu kwa idadi na kufunga dosie siku linapohamia meza nyingine imeamua yenyewe kwamba mama atapiga mara tatu. Halafu inaleta mwalimu wa upole. Sauti tamu juu ya mlango uliofungwa ni dharau iliyopakwa sukari, na wahamaji wanaisikia mara moja. Wengi wao wanapenda mkali mwenye jibu kuliko mpole asiye nalo.

Mashirika haya hayawezi kusema hayakuambiwa. Yamejiandikia yenyewe Kiwango cha Msingi cha Kazi za Kiutu, kilichotolewa mwaka 2014 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2024. Ahadi yake ya 5 inahusu malalamiko: kwamba watu waweze kuyatoa kwa usalama na yashughulikiwe. Haisemi yapokelewe kwa sauti nzuri. Kupitisha karatasi kutoka meza moja hadi nyingine na kuandika "imefungwa" si kushughulikia. Dosie lifungwe siku mama anaposema amepata jibu, hata kama jibu ni hapana.

Na hakuna kikubwa kinachotakiwa. Mtu wa simu apewe jina la mtu mmoja katika idara ya malipo ambaye analazimika kumjibu siku ile ile. Apewe ruhusa ya kuona kwenye kompyuta sababu ya malipo kuzuiliwa, si neno "haijalipwa" peke yake. Na anapokabidhi jambo, aandike mistari minne: nani, nini kimetokea, nini kimeahidiwa na siku gani, nini mama amekwisha kueleza. Mstari wa nne ndio unaosahauliwa, na ndio unaomzuia mama kusimulia tena tangu mwanzo, mbele ya mgeni, jinsi alivyokimbia.

Kuna simu ambazo hazipaswi kutulizwa hata kidogo. Mama akisema kwamba aliyemwandika aliomba dola 10 ili jina libaki, au kwamba mtu wa mgawo alimtaka kimwili, hasira yake ni habari, na mpokea simu mwenye ustadi wa kutuliza anaweza kuizima bila kujua. Hapo haitakiwi kueleza, wala kutetea, wala kuuliza maswali mengi. Msaada ni bure, na jambo hilo linasemwa kwa mama waziwazi. Anaulizwa kama yuko mahali salama pa kusema, anaambiwa ni nani atakayempigia, na jambo linapelekwa kwenye njia ya siri ya malalamiko makubwa, halipelekwi kwa mkuu wa idara inayolalamikiwa. Ofisi inayosifu vijana wake kwa kutuliza watu wote sawasawa haijui imefunika nini.

Upande wa pili pia usemwe. Mpokea simu si gunia la kupigwa. Kelele ni kelele, na matusi juu ya shirika ni ya shirika. Lakini anapotishwa kwa kifo, au kutukanwa kabila lake, ana haki ya kusema mara moja: "Mama, ninataka kusaidia, lakini maneno hayo yakiendelea nitakata na nitapiga baada ya nusu saa." Na apige kweli baada ya nusu saa. Kukata bila kurudi ndiko kulikomfanya mama wa Rutshuru aamini kwamba mtandao ulikuwa mkono wa mtu.

Pesa yake iliingia wiki ya tatu. Alilipa deni la unga, akanunua sabuni, akampa mwenye nyumba kidogo. Jumanne ile, mpokea simu alipopeleka ile mistari minne kwa idara ya malipo, alikuwa ameongeza swali chini yake: je, wako wengine waliozuiliwa kwa sababu hii? Walipotazama orodha walikuta majina kumi na moja. Wawili kati yao walikuwa wamepiga simu, na simu zao ziliandikwa "imefungwa". Tisa hawakuwa wamepiga kabisa. Walikuwa bado wanangojea ujumbe.